Websaiti imenipa bei tatu za bango, nichukue ipi?

"Habari mtaalamu. Mimi nafunga sola majumbani, nataka kuweka bango kwenye websaiti ya habari ya huku kwetu ambayo kila mtu anaisoma. Wamenipa bei tatu nichague: milioni 1.2 kwa mwezi mzima, au 60,000 kwa siku, au 3,000 kwa kila impresheni elfu moja. Wanasema wana watu laki 9 kwa mwezi na bango linakaa juu kabisa kwenye kila peji. Bajeti yangu ni laki 7 hivi. Naona ya mwezi ndiyo nafuu, maana ukigawa kwa siku 30 inatoka 40,000 tu kwa siku, ila hela yote hiyo sina. Niombe punguzo la ya mwezi au nichukue siku chache?"

Ndugu yangu, punguzo liache kwanza, tutalifikia. Kabla ya hapo kuna jambo moja la kuliweka sawa, nalo ni hilo la kugawa kwa siku 30. Ukigawa milioni 1.2 kwa 30 unapata 40,000, ukiilinganisha na 60,000 unaona umeokoa 20,000 kila siku, lakini siku ya kwenye ofa ya mwezi na siku ya kwenye ofa ya siku mara nyingi sio siku ileile. Kwenye moja unaweza kuwa peke yako pale juu, kwenye nyingine mnapokezana watatu. Wewe hununui siku, unanunua mara ambazo bango lako limetokea mbele ya mtu anayeweza kukuita ukamfungie sola. Kwa hiyo kila bei unayopewa, iwe ya mkupuo, ya siku au ya vyovyote, ibadilishe kwanza iwe bei ya impresheni elfu moja, yaani bango kutokea mara elfu moja, ndipo ulinganishe. Hesabu yake ni hii tu:

```
bei ÷ impresheni × 1000
```

Hiyo ndiyo wanayoiita CPM. Watu wengi wanadhani CPM ni mambo ya makampuni makubwa na mdogo anatakiwa achukue bei ya mwezi kwa sababu ni rahisi kuelewa. Mi nasema kinyume chake, mwenye hela kidogo ndiye anayehitaji hii hesabu kuliko wote, maana akikosea mara moja bajeti imeisha.

Sasa ili hesabu itoke unahitaji namba tatu kutoka kwao, na ile ya laki 9 uliyopewa haitoshi. Ya kwanza ni peji zilizofunguliwa na watu waliozifungua. Ukisikia websaiti ya habari inataja namba kubwa hivyo, karibu kila mara ni peji zilizofunguliwa, sio watu. Mtu mmoja anaingia asubuhi anasoma habari mbili, jioni anarudi anasoma nyingine, ndani ya mwezi kashafungua peji kadhaa na zote zimehesabiwa. Tuseme kwa wastani kila msomaji anafungua peji 6 kwa mwezi, basi laki 9 yako ni watu kama 150,000. Bado ni wengi, sio mbaya hata kidogo, ila sio laki 9. Na ukiambiwa wafuasi wa Facebook wamejumlishwa humo, watoe wote, kwa sababu bango lako haliendi kule.

Namba ya pili ni hao wasomaji wako wapi. Websaiti ya habari za eneo fulani ina wasomaji wengi sana ambao hawapo kwenye hilo eneo, ni watu waliotoka hapo wakaenda kuishi mbali na bado wanafuatilia ya nyumbani. Kwa mtu anayeuza kitu mtandaoni hao ni wateja, kwako wewe unayepanda juu ya paa la mtu hawana faida. Waombe wakufungulie Google Analytics yao, wengi wanayo, waingie kwenye ripoti ya Pages and screens mwone Views na Active users kwa miezi mitatu, halafu waingie sehemu ya miji mwone asilimia ngapi wako unakoweza kufika na gari lako. Omba waifungue mkiwa pamoja, au wakupe ruhusa ya kutazama tu, ile inayoitwa Viewer. Skrinshoti usiikatae, ila mwezi mmoja uliochaguliwa vizuri unaweza kuwa ule mwezi ambao kulitokea tukio kubwa kila mtu akaingia kusoma.

Namba ya tatu hata hawatakutajia usipouliza: pale juu mpo wangapi? Websaiti nyingi zikiuza nafasi kwa mwezi zinaiuza kwa watu watatu au wanne na mabango yanazunguka, peji ikifunguliwa linatokea la huyu, ikifunguliwa tena la yule. Hii unaweza kuijua mwenyewe leo bila kumuuliza mtu. Fungua dirisha la siri kwenye simu yako, ingia kwenye habari yoyote ya kwao, angalia bango la juu ni la nani, andika kwenye karatasi, rifreshi, andika tena. Fanya mara 20 kwenye habari tofautitofauti. Ukikuta majina matatu na kila moja limetokea mara sita au saba, basi hapo kuna nafasi tatu zinazozunguka, na ukiingia wewe ni aidha unachukua ya mmoja anayetoka au mnakuwa wanne. Ukikuta mara nyingine yanatokea matangazo ya Google yasiyoeleweka, ya michezo ya kwenye simu na vitu vya ajabu, hiyo ni habari njema kwako na nitakwambia kwa nini hapo chini.

Haya, namba zako halisi sina, kwa hiyo nazitengeneza ili uone mwendo wake, wewe utaweka zako. Peji 900,000 kwa mwezi, asilimia 60 ya wasomaji wako eneo lako, pale juu mnazunguka watatu.

Ofa ya mwezi. 900,000 gawa kwa 3 unapata 300,000, ndizo zako. Kati ya hizo za watu wa eneo lako ni asilimia 60, yaani 180,000. Milioni 1.2 gawa kwa 180,000 zidisha 1,000, unapata kama 6,667 kwa kila elfu moja. Yaani hiyo uliyoiona nafuu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 3,000 waliyokupa wenyewe kwenye karatasi hiyohiyo, wakikubali kuionyesha kwa watu wa eneo lako tu. Sisemi wanakudanganya, mara nyingi hata wao hawajawahi kuzilinganisha, bei ya mwezi ilipangwa na mtu siku moja ikabaki hapohapo.

Ofa ya siku. Bei ya siku kwa kawaida inauzwa ukiwa peke yako, yaani siku hiyo kila peji ikifunguliwa ni wewe, lakini waulize wazi na wakujibu kwa maandishi. Kama ni hivyo, siku ya wastani ina peji 30,000, za eneo lako 18,000, 60,000 gawa hapo inakuja kama 3,333 kwa elfu. Sasa hapa ndipo penye utamu, kwa sababu siku hazilingani. Websaiti za habari zina siku zake, labda ni siku wanayotoa nafasi za kazi, labda ni baada ya mechi za wikiendi, na Jumamosi na Jumapili nyingi hushuka vibaya. Tuseme kwao Jumanne inafika peji 45,000 na Jumapili 18,000. Bei ni ileile 60,000. Jumanne unapata za eneo lako 27,000, inatoka 2,222 kwa elfu. Jumapili unapata 10,800, inatoka zaidi ya 5,500. Siku moja bei moja, lakini mmoja kanunua kwa nusu ya mwenzake na pungufu, na tofauti yao ni kwamba huyu aliomba kuona trafiki ya siku kwa siku kabla ya kuchagua tarehe.

Ofa ya impresheni, 3,000 kwa elfu. Hii inaonekana haihitaji hesabu ila inahitaji swali moja: je, mnaweza kunionyeshea watu wa eneo langu tu? Kama wanatumia mtambo wa matangazo kama Google Ad Manager, wanaweza, ni kuchagua eneo tu kwenye mipangilio. Wengine wanaongeza bei kidogo kwa kuchagua eneo, hilo ni la kujadili. Wakikubali kwa 3,000 ileile basi ni 3,000 kweli. Wakisema hawawezi, basi kati ya kila elfu unayolipia, 400 zinaenda kwa watu ambao hutawafikia, na bei yako halisi ni 5,000.

Kwa hiyo kwa namba hizi mpangilio umegeuka kabisa: Jumanne ndiyo nafuu kuliko zote, inafuata ya impresheni kwa eneo lako, inafuata siku ya kawaida, halafu ya mwezi uliyoipenda ndiyo ya mwisho. Kwa namba zako unaweza kupata mpangilio mwingine. Kama kwa mfano utagundua ya mwezi uko peke yako, ile milioni 1.2 inakununulia 540,000 za eneo lako na bei inashuka hadi 2,222, sawasawa na Jumanne. Ndio maana nakwambia swali la "mpo wangapi pale juu" lina thamani kuliko punguzo la asilimia 10 utakalolilia.

Kuna kitu kingine kinachotofautisha hizi bei ambacho hakionekani kwenye hesabu, nacho ni nani anaumia trafiki ikishuka. Ukilipa ya mkupuo halafu mwezi huo websaiti ikaanguka siku tatu, au Facebook ikaacha kusambaza habari zao, hasara ni yako, wao hela washakula. Likitokea tukio kubwa trafiki ikapanda mara mbili, faida ni yako. Kwenye ya impresheni ni kinyume, wanakudai tu kwa zilizotokea, trafiki ikishuka tangazo linachukua muda zaidi kufikia idadi. Ya siku iko katikati, umebeba hatari lakini ya siku moja moja. Kwa mtu anayeingia mara ya kwanza na hajawahi kuona trafiki yao kwa macho, mi nashauri asibebe hatari ya mwezi mzima.

Ila na ya impresheni nayo ina ujanja wake, usiingie kichwakichwa. Ukinunua impresheni 150,000 na hukusema kitu kingine, mwenye websaiti anayetaka kumaliza haraka anaweza kukumalizia kwa wiki moja, tena mtu yuleyule kaliona bango lako mara 15 kwa siku hadi kachukia sola. Au bango linawekwa chini kabisa ya peji, mtu hafiki, lakini mtambo unahesabu kwa sababu limepakuliwa. Au peji inabadilisha matangazo yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, mtu kaacha simu mezani kaenda kuoga, na impresheni zinapanda tu. Kwa hiyo ukinunua kwa idadi unasema na mambo matatu: mtu mmoja asione zaidi ya mara 3 kwa siku, zigawanywe sawasawa kwa kipindi chote, na nafasi itajwe ni ipi.

Na hapo kwenye nafasi naomba nikae kidogo kwa sababu "juu kabisa" inawavutia watu sana kuliko inavyostahili. Impresheni kuhesabiwa na bango kuonekana ni vitu viwili. Kipimo kinachokubalika kwenye biashara hii ni kwamba bango limeonekana kama angalau nusu yake imekuwa kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Ni kipimo cha chini mno ukikifikiria, na bado mabango mengi hayakifikii. La juu kabisa kwenye simu lina tatizo lake: mtu kafungua habari, intaneti ni ya taratibu, maandishi yametangulia, kabla bango halijamaliza kupakuliwa yeye keshasukuma kidole kushuka chini asome. Limehesabiwa, hajaliona. Bango la 300x250 linalokaa katikati ya habari, baada ya aya ya pili au ya tatu, anapita nalo taratibu akiwa anasoma. Waombe wakwambie asilimia ya kuonekana kwa kila nafasi, kwenye Ad Manager ripoti hiyo ipo. Ikiwa juu ni asilimia 50 na katikati ni 70, basi kwa bei ileile ya 3,000 ile ya juu inakugharimu 6,000 kwa elfu zilizoonekana na ya katikati kama 4,300. Mara nyingi ya katikati wanaiuza rahisi zaidi kwa sababu kila anayekuja anataka juu, kwa hiyo unafaidika mara mbili.

Sasa tuje kwenye kupatana. Mwenye websaiti anapokupa bei ana sakafu yake kichwani, na sakafu hiyo ni kile anachopata nafasi hiyo ikiwa haijauzwa. Isipouzwa anaijaza na matangazo ya Google, yale uliyoyakuta ukirifreshi, na hayo kwa kawaida yanamlipa kidogo kuliko mteja wa moja kwa moja kama wewe. Ukiyaona mengi maana yake ana nafasi tupu nyingi, na kila impresheni yako inachukua nafasi ya ile ya bei ya chini, hivyo ana sababu ya kukusikiliza. Usipoyaona kabisa, yaani kila nafasi ina mteja wake, hapo huna nguvu sana ya kushusha bei na ni afadhali uombe vitu vingine. Heshimu hiyo sakafu lakini. Websaiti za eneo nyingi zinaendeshwa na watu wawili watatu wanaohangaika, ukimkaba hadi achukue bei ya hasara atakuweka kona ambayo hakuna anayeiona, na hutajua.

Kwa hiyo badala ya kusema "nipunguzie", mwambie unataka nini na utoe namba inayotoka kwenye karatasi yake mwenyewe. Kwenye ofa ya mwezi, kwa mfano, unaweza kumwambia: kwa bei yako ya 3,000 kwa elfu, impresheni 180,000 za watu wa hapa ni 540,000, kwa hiyo naweza kulipa 540,000 tukiwa watatu, au hiyo milioni 1.2 tukizungumza nikiwa peke yangu. Hapo hujaomba huruma, umemwonyesha hesabu yake, na ni vigumu mtu kukataa bei aliyoitaja yeye. Kwa bajeti yako ya laki 7 mi ningeiacha ya mwezi kabisa nimtumie ujumbe wa namna hii:

"Habari, nimepitia ofa yenu, asante. Naomba Jumanne nne za mwezi ujao nikiwa peke yangu pale juu kwa 60,000 kila moja, pamoja na impresheni 150,000 katikati ya habari kwa 3,000 kwa elfu, kwa wasomaji wa eneo letu tu, mtu mmoja asione zaidi ya mara 3 kwa siku, zigawanywe sawasawa kwenye siku nyingine za mwezi. Jumla ni 690,000. Nusu naweka kabla ya kuanza, nusu nikipata ripoti ya mwisho. Mkiwa sawa naleta bango wiki hii."

Ona hiyo barua haina neno punguzo ndani yake. 240,000 za Jumanne na 450,000 za impresheni, na jumla yake unapata mara 258,000 kwa watu wa eneo lako. Kama hao ni watu 90,000 basi kwa wastani kila mmoja amekuona kama mara tatu kwa mwezi, inatosha jina likae kichwani bila kumchosha. Anaweza kurudi akasema Jumanne bei ni nyingine kwa sababu anajua ndiyo siku yake, hapo jua hadi wapi unaweza kwenda: kwa 81,000 Jumanne inakuwa 3,000 kwa elfu, sawa na impresheni za kawaida, ikizidi hapo chukua impresheni tu. Na kama hataki kushuka kwenye chochote, omba kitu ambacho hakimgharimu sana, siku mbili za Jumapili za nyongeza ambazo hazijauzwa, au haki ya kuulizwa wewe kwanza kabla nafasi hiyo hajapewa mfunga sola mwingine mwezi unaofuata. Hii ya mwisho watu huisahau na ni ya maana sana kwenye eneo dogo.

Kabla hujatuma huo ujumbe fanya hesabu moja ya kurudi nyuma, ya uchungu kidogo. Kwenye mabango, kliki 1 kwa kila impresheni 1,000 ni matokeo ya kawaida, hauko vibaya. Mara 258,000 ni kliki kama 258. Tuseme kati ya kila 100 wanaoingia kwenye peji yako watatu wanapiga simu, ni simu 8 hivi. Kati ya simu 8 ukifunga sola kwa wawili, basi kila mteja amekugharimu 345,000. Faida yako kwa kazi moja ukishatoa vifaa na vijana wa kazi ni zaidi ya hapo? Kama ndiyo, endelea. Kama ni chini, hiyo laki 7 haitarudi kwa njia hii ya moja kwa moja, hata ukipatana vizuri vipi, labda kama unalenga jina lijulikane na unaweza kusubiri. Hiyo asilimia ya simu na ya kufunga dili chukua ya kwako kutoka kwa wateja uliokwisha wapata, hizi zangu ni za mfano.

Na ili ujue kweli ilikuwaje, linki ya bango usiache iende kwenye peji yako ya kawaida hivihivi. Iwekee alama, moja ya Jumanne na nyingine ya impresheni, ili baadaye ujue ipi ilileta watu:

```
https://example.com/sola?utm_source=habari&utm_medium=banner&utm_campaign=jumanne
https://example.com/sola?utm_source=habari&utm_medium=banner&utm_campaign=katikati
```

Kama wateja wako wanapiga simu zaidi kuliko kujaza fomu, weka namba ya simu tofauti kwenye hiyo peji, laini ya pili tu, utajua kila simu inayoita hapo imetoka wapi.

Mkikubaliana, andikeni, hata kama ni barua pepe moja, sio lazima mkataba wa kurasa kumi. Iwe na nafasi ipi na saizi gani, uko peke yako au mnazunguka wangapi, tarehe, eneo, na kitu ambacho ndicho kinacholeta ugomvi kila siku: nani anahesabu. Kwa kawaida inahesabu seva ya matangazo ya kwao, na ukiweka kihesabu chako namba hazitafanana, watu wa kazi hii huvumilia tofauti hadi asilimia 10. Usishangae pia impresheni zikiwa pungufu kuliko peji zilizofunguliwa, kuna wenye vizuia matangazo na kuna wanaofunga peji kabla bango halijaja. Halafu andikeni idadi isipofikiwa inakuwaje. Kurudishiwa hela ni shida kwa websaiti ndogo, omba tangazo liendelee bila malipo hadi idadi itimie, hilo wanalikubali kirahisi. Kwa Jumanne weka na kiwango cha chini, kwa mfano siku hiyo isipofika impresheni 20,000 za eneo lako wanakupa siku nyingine. Wakikuuzia na "linki ya kukupandisha Google" kwa hela ya ziada, iache. Linki ya kulipia inatakiwa iwekewe `rel="sponsored"` au `rel="nofollow"` na Google haichukulii kama sifa, wasipoiweka mnavunja kanuni zao wote wawili.

Siku ya kwanza bango likiwa hewani angalia mwenyewe kwa simu yenye data ya kawaida, sio WiFi ya ofisini kwao, bofya uone linki inaenda panapotakiwa, na omba ripoti ya siku ya tatu badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Ukikuta ndani ya siku tatu nusu ya impresheni zako zimeshatumika au hazijaanza kabisa, mpigie siku hiyohiyo, ni kurekebisha dakika tano. Ukingoja mwezi uishe itakuwa malumbano.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa kiwango hiki cha hela. Ila kama baadaye watakuletea ofa ya mwaka mzima, au ya kuwa mfunga sola pekee kwenye websaiti nzima kwa hela kubwa, usisaini kwa barua pepe, kaa na mwanasheria asome sehemu ya kuvunja mkataba, na mhasibu wako akwambie kama kuna kodi unayotakiwa kukata kabla ya kuwalipa. Na ripoti zenu zikipishana zaidi ya hiyo asilimia 10, msiandikiane meseji kwa wiki mbili, nenda ofisini kwao ukae na yule kijana anayeshughulika na mtambo, fungueni ripoti yao na ya kihesabu chako kwenye skrini moja, muanze kulinganisha siku moja baada ya nyingine, tofauti karibu kila mara mtaikuta kwenye siku fulani bango lilipokuwa limezimwa au kwenye eneo ambalo halikuchaguliwa sawasawa.